Uzoefu wangu: mzunguko wa zamu au kazi fupi kwanza?

Kwa miezi kadhaa nimezitumia njia hizi mbili za kugawa muda wa prosesa kwenye seva yangu ndogo, na kila moja nina la kusema juu yake. Seva yenyewe haina makuu. Kila usiku inapokea kazi nne, na kila kazi inakula prosesa tangu inapoanza hadi inapokwisha: kugeuza video dakika 30, kubana faili za kumbukumbu dakika 6, kuunda upya faharasa ya utafutaji dakika 3, na ripoti ya siku dakika 1. Zote zinafika saa ile ile, na nilizifunga kwenye kiini kimoja cha prosesa ili zigombanie kweli.

Nilianza na mzunguko wa zamu. Programu zinapanga foleni, ya mbele inapewa kipande cha muda, na kipande kikiisha inasimamishwa hata kama iko katikati ya hesabu. Inarudi mkiani, inaingia inayofuata. Linux inayo njia hii tayari kwa jina la SCHED_RR, na kipande chake cha kawaida ni milisekunde 100. Unaweza kukiangalia kwenye mashine yako:

```
cat /proc/sys/kernel/sched_rr_timeslice_ms
```

Kila kazi niliianzisha kwa haki za msimamizi, hivi:

```
taskset -c 0 chrt -r 10 ./ripoti.sh &
```

Hiyo 10 ni kipaumbele, na lazima iwe ile ile kwa kazi zote. Mzunguko unafanyika kati ya programu za kipaumbele kimoja tu. Yenye kipaumbele cha juu haipokezani zamu na za chini yake. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba SCHED_RR inazitangulia programu zote za kawaida, ikiwemo ile ganda unayoandikia amri. Kerneli kwa kawaida huzibakizia hizo nyingine asilimia 5 ya muda, kwa hiyo saa nilizopima zilizidi kidogo hesabu ya kwenye karatasi. Hapa chini natoa hesabu safi, bila makato hayo, ili mlinganisho uonekane vizuri.

Kazi nne zikiwa kwenye mzunguko, kila moja inapata robo ya prosesa. Ripoti inayohitaji dakika 1 basi inakwisha dakika ya 4. Zinabaki tatu, na faharasa bado inadai dakika 2. Kwa theluthi ya prosesa inazipata ndani ya dakika 6, inakwisha dakika ya 10. Zinabaki mbili. Ubanaji umeshapata dakika 3 kati ya 6, tatu zilizobaki unazipata kwa nusu ya prosesa, unakwisha dakika ya 16. Video inabaki peke yake na kumaliza dakika ya 40. Ukijumlisha na kugawa kwa nne, kazi moja imechukua wastani wa dakika 17.5 tangu ilipofika.

Nikahamia kazi fupi kwanza. Hii sikuikuta tayari kwenye kerneli, na sababu yake nitaieleza mbele. Kwa kazi za usiku haihitaji kerneli hata hivyo, maana muda wa kila kazi naujua kwa kuupima siku zilizopita. Niliandika faili moja, kila mstari ukianza na sekunde ambazo kazi inachukua halafu amri yenyewe, kisha:

```
sort -n kazi.txt | while read muda amri; do
  sh -c "$amri" < /dev/null
done
```

Hicho kipande cha `< /dev/null` nilikiongeza baada ya kuumia. Usiku wa kwanza sikukiweka, na asubuhi nikakuta ripoti imekamilika lakini kazi tatu nyingine hazijaguswa, wala hakuna kosa lililoandikwa popote. Ripoti ilikuwa inasoma ingizo lake la kawaida, na ingizo hilo ndiyo ile orodha yangu ya kazi. Iliimeza mistari mitatu iliyobaki, kitanzi kikaona orodha imekwisha, kikatoka kwa amani. Ukiona foleni inakatika baada ya kazi moja bila malalamiko, anza kutafuta hapo.

Baada ya kurekebisha, matokeo yalikuwa haya: ripoti dakika ya 1, faharasa ya 4, ubanaji wa 10, video ya 40. Wastani dakika 13.75. Ukihesabu muda wa kusubiri peke yake, yaani ule ambao kazi ipo lakini haiendeshwi, mzunguko wa zamu uliniwekea wastani wa dakika 7.5 na kazi fupi kwanza 3.75. Nusu kamili.

Iangalie video tena. Imemaliza dakika ya 40 kwa njia zote mbili. Nilikuwa nimeiwekea huruma bure, nikidhani kuipeleka mwisho ni kuionea. Prosesa ina kazi ya dakika 40 mbele yake, na iliyo ndefu kuliko zote haiwezi kumaliza mapema kwenye mzunguko, kwa sababu inagawana na wenzake hadi wote wamalize. Kumtanguliza mfupi hakukumgharimu mrefu hata sekunde moja. Hii ndiyo sababu kazi fupi kwanza haishindwi kwa wastani pale kazi zote zinapokuwa zimeshafika na muda wake unajulikana: popote ulipo mrefu mbele ya mfupi, ukiwabadilisha, mfupi anaokoa muda mwingi kuliko ule anaopoteza mrefu.

Jaribio lililonishangaza zaidi lilikuwa la kazi zinazolingana. Siku moja nilikuwa na video nne, kila moja dakika 10. Nikizipanga moja baada ya nyingine zinakwisha dakika ya 10, 20, 30 na 40, wastani 25. Nikaziweka kwenye mzunguko wa zamu. Dakika ya 10, hakuna iliyokwisha. Ya 20, hakuna. Ya 30 nilifungua folda nikaona faili nne, zote nusu-nusu. Zikamaliza zote nne karibu pamoja kwenye dakika ya 40, yaani wastani wa karibu 40. Mgawo ulikuwa wa haki kabisa, na hakuna aliyefaidika nao. Tena zote nne zilikuwa zimekalia kumbukumbu ya mashine kwa wakati mmoja, wakati kwenye foleni inakaa moja tu. Kama kumbukumbu yako ni ndogo, mashine itaanza kuhamishia kurasa kwenye diski, na hapo hesabu zangu zote hizi hazitakusaidia.

Sasa upande wa pili. Mchana seva hiyo hiyo ina watu wanaoiingia, wanafungua kihariri, wanaandika amri. Nilijaribu kuendesha kila kitu kwa foleni yangu ya kazi fupi kwanza, na haikuchukua hata saa moja kuharibika. Video ilianza saa foleni ikiwa tupu, dakika moja baadaye ikaja ripoti ya dakika 1, na ikasubiri dakika 29. Foleni yangu haimnyang'anyi mtu prosesa, ikishampa, amepewa. Ipo namna nyingine ya njia hii ambayo inanyang'anya: kila kazi mpya ikifika, muda wake unalinganishwa na uliobaki kwa ile inayoendeshwa, na mwenye kidogo ndiye anayeendelea. Hiyo inaitibu ripoti, lakini inahitaji kujua muda uliobaki, na mtu aliyekaa kwenye kibodi hana muda unaojulikana.

Hapo ndipo kerneli inapokwama nayo. Kinachoweza kufanyika ni kukisia kwa historia: makisio mapya ni nusu ya makisio ya zamani jumlisha nusu ya muda halisi wa mara ya mwisho. Nilijaribu kwa programu moja. Makisio ya kwanza sekunde 8, ikatumia 4, makisio yakawa 6. Ikatumia 2, yakawa 4. Ikatumia 4, yakabaki 4, nikafurahi. Siku iliyofuata ikapewa faili kubwa, ikatumia 20. Ilikuwa imetangulizwa mbele ya kazi za sekunde 10 kwa sababu ya ile 4, na mara iliyofuata ikarudishwa nyuma kwa makisio ya 12 wakati ilihitaji 4 tu. Makosa mawili kutokana na siku moja isiyo ya kawaida.

Tatizo la njaa nalo ni la kweli. Nilipoibadilisha foleni ichague upya kila kazi inapokwisha, kulikuwa na kazi ndogo za dakika 5 zinazofika kila baada ya dakika 5. Video ya dakika 30 haikuanza asubuhi yote. Nilitibu kwa kuipunguzia kila kazi dakika moja ya makisio kwa kila dakika iliyosubiri. Video iliyosubiri dakika 28 inahesabiwa kama ya dakika 2, inawapita vijana, inaingia.

Mzunguko wa zamu hauhitaji kujua chochote, na kwa watu walio kwenye kibodi hilo ndilo ninalolilipia. Kitu cha kurekebisha ni kipande cha muda tu. Programu 20 zenye shughuli kwa milisekunde 100 kila moja, ya mwisho inasubiri milisekunde 1,900 kabla ya zamu yake. Hiyo unaiona kwa macho, herufi unaibonya na inatokea karibu sekunde mbili baadaye. Kwa milisekunde 10 kungoja kunashuka hadi 190. Lakini usishuke bila kikomo. Kila zamu inapobadilika kerneli inahifadhi rejista za anayetoka na kupakia za anayeingia, na anayeingia anaikuta kache imejaa data ya mwenzake. Chukulia mabadiliko hayo yanagharimu maikrosekunde 10: kwa kipande cha milisekunde 100 ni moja ya elfu kumi, hayaonekani. Kwa kipande cha maikrosekunde 100, kila 110 unapoteza 10, yaani asilimia 9 ya prosesa inakwenda kwenye kupokezana. Upande wa pili ukikiongeza kipande hadi kizidi kazi zenyewe, mzunguko unakoma kuwapo na unabaki na foleni ya aliyefika kwanza.

Nilivyoiacha sasa: mchana watu wanatumia kipanga-zamu cha kawaida cha Linux, bila mimi kuigusa SCHED_RR, na faili langu la kazi linaanza usiku wakiwa wameondoka. Kila kazi ikimaliza, muda wake halisi unaandikwa na makisio yanasahihishwa kabla ya usiku unaofuata. Ripoti ipo tayari dakika moja baada ya kuanza, na video bado inamaliza dakika ya 40.