Kununua betri ya gari kwa picha za simu: ipi iwe ya kwanza, ipi uikatae

Mtu wa Makete, Tukuyu au Mafinga akihitaji betri siku hizi hupiga simu duka la spea Mwanjelwa, Makambako au Iringa mjini, anatumiwa picha, analipa, na mzigo unapandishwa kwenye basi. Kuirudisha ni shida na nauli juu yake. Kwa hiyo uamuzi wote unafanyika kwenye zile picha, na cha kuchunguza kuliko vyote ni tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu ndiyo inayochezewa.

Betri iliyokwisha kutiwa asidi inaishiwa chaji hata kama haijawahi kufungwa kwenye gari. Kila mwezi inapungua kidogo, na penye joto inapungua haraka zaidi. Ikikaa muda mrefu kwenye stoo ya Dar es Salaam bila kuchajiwa, volti zake zinashuka chini ya 12.4, na ile salfeti inayojijenga juu ya sahani za risasi inaanza kuwa ngumu. Ukiichaji, volti zitapanda tena, lakini nguvu iliyopotea hairudi yote. Ikifungwa kwenye gari la Kariakoo inaweza kuonekana nzima kwa miezi. Ikipelekwa Njombe mwezi wa sita, asubuhi ambayo baridi imekaribia nyuzi 0, hata betri nzima hutoa kama theluthi mbili tu ya nguvu zake huku oili ya injini ikiwa nzito. Iliyochoka hapo haina pa kujificha. Muuzaji aliyebaki na mzigo wa zamani anajua hilo, na wapo wanaoona njia rahisi ni kubadilisha tarehe.

Nimezipanga betri kwa kigezo kimoja: ni vigumu kiasi gani kwa tarehe yake kudanganya, na picha inaweza kukuonyesha nini.

Nafasi ya kwanza naipa betri kavu, ile inayouzwa na chupa ya maji makali pembeni. Sahani zake zilichajiwa kiwandani kisha zikakaushwa, na maadamu vizibo bado vimefungwa kwa karatasi au utepe wake, hakuna kinachoendelea ndani cha kuhesabika. Hata ikiwa na umri wa mwaka mmoja haijaharibika, kwa hiyo muuzaji hana sababu kubwa ya kufuta tarehe. Omba picha ya vizibo tu: utepe ukiwa umechanika, hewa imeingia na sahani zimeanza kuharibika. Ijazwe na fundi rewaya anayejua kazi yake, iachwe nusu saa, ipimwe, kisha iwekwe kwenye chaja kabla ya kufungwa. Ubaya wake ni kwamba haipatikani kwa kila saizi.

Ya pili ni betri iliyofungwa tayari na asidi ndani, yenye tarehe iliyogandamizwa kwa moto kwenye plastiki ya mfuniko. Ya tatu ni kama hiyo, lakini tarehe yake ni ya wino au stika peke yake. Ya nne, na hapa najua wengi watabisha, ni betri iliyotumika inayouzwa waziwazi kuwa imetumika, imepimwa, na bei yake ni ya kitu kilichotumika. Ya mwisho kabisa ni betri inayoitwa mpya huku sehemu ya tarehe imeguswa. Hata ikiuzwa nusu ya bei iache, kwa sababu hujui unalipia umri gani.

Sasa picha zenyewe. Muuzaji azitume kwa WhatsApp kama dokumenti, kwa maana zikitumwa kawaida zinabanwa na mikwaruzo midogo inapotea. Awashe tochi ya simu nyingine na kuilaza karibu na plastiki, mwanga upite kwa ubavu. Picha ya flashi ya moja kwa moja hufuta kila kitu unachotafuta. Juu ya betri aweke kikaratasi chenye jina lako, ili ujue kwamba hajakutumia picha ya betri nyingine.

Anza na vichwa, yaani ile miguu miwili ya risasi inayobanwa na teminali za waya. Kichwa kipya kina ngozi ya kijivu iliyofifia, sawasawa pande zote, na mara nyingi unaona mstari mwembamba wa mshono wa kalibu ukishuka ubavuni. Juu yake kuna alama ya mviringo pale kiwanda kilipochomelea. Kichwa kilichosuguliwa kwa msasa au brashi ya waya kinang'aa kupita kiasi, mshono umepotea, na mikwaruzo inazunguka upande mmoja. Tazama pia shina lake, pale risasi inapoingia kwenye mfuniko. Unga wa kijani au bluu hapo una maana moja: kichwa kimewahi kukutana na shaba ya waya au teminali, kwa sababu ndani ya betri hakuna shaba ya kutoa rangi hiyo. Lakini usimhukumu mtu kwa vidoti viwili vidogo juu ya kichwa. Viwanda vingi hupima betri kabla ya kuitoa, na ncha za mashine huacha alama.

Lebo inasaidia, ila kidogo. Stika iliyobandikwa juu ya stika huacha kingo mbili zinazoonekana kwenye mwanga wa ubavu. Tarehe ya wino wa kiwandani kwa kawaida huandikwa kwa vidoti vilivyopangwa mistari. Ukikuta herufi za mstari mzima kama za muhuri wa ofisini, uliza. Mahali palipofutwa kwa petroli au tina, rangi ya lebo iliyo jirani hufifia na kivuli cha namba ya kwanza hubaki. Lebo iliyobandikwa upande si kosa. Viwanda halali navyo hubandika vibaya.

Kasha ndilo shahidi mzuri kuliko wote. Plastiki yake ina chembechembe nyororo zilizotokana na kalibu, na namba zilizogandamizwa kwa moto zina kina kimoja na kijikingo kilichoinuka pembeni. Mtu akitaka kubadilisha 3 iwe 5, hana budi kuyeyusha ile 3 kwanza. Pale alipoyeyusha, chembechembe zinatoweka na panabaki kipande kinachometa, na namba mpya inakaa juu au chini kidogo ya wenzake. Ni rahisi zaidi kwake kuongeza mstari: 1 inageuzwa 4, 3 inageuzwa 8. Kwa hiyo linganisha namba mbili zinazofanana ndani ya tarehe ileile, kina na umbo.

Kisha aigeuze betri kidogo, bila kuipindua, akupigie picha ya kitako au chini ya ubavu. Makasha mengi yana kiduara mfano wa uso wa saa, chenye namba 1 hadi 12 kuzunguka, mshale, na tarakimu mbili za mwaka katikati. Hiyo ni tarehe ya kumiminwa kwa plastiki yenyewe, na wachezeaji wengi hawaigusi kwa sababu hawajui kama ipo. Kasha lazima litangulie betri, na kwa kawaida hutangulia kwa wiki au miezi michache. Si kila kasha lina kiduara hiki, na wakati mwingine kiwanda huchelewa kubadilisha tarakimu, kwa hiyo kikisimama peke yake usikifanye hukumu.

Mfano. Mwezi wa saba mwaka 2025 mama mmoja wa Mafinga mwenye Noah alikuwa anatafuta betri ya 46B24L, na nilikaa naye kupitia picha za wauzaji watatu.

Ya kwanza ilitoka Makambako na ndiyo ilikuwa ya bei ya chini. Vichwa vinang'aa, mikwaruzo inazunguka, na kwenye shina la chanya kulikuwa na chembe za kijani. Alipouliza, kijana akamjibu, "Mama, tumezisafisha tu vumbi, hiyo mpya kabisa." Vumbi la dukani haliwi la kijani. Betri hiyo ilishafungwa kwenye gari.

Ya pili, ya Mbeya, ilinipa kazi zaidi. Vichwa vilikuwa safi kabisa, mshono wa kalibu upo, haijawahi kubanwa na teminali. Tarehe kwenye mfuniko ilisomeka 140325, yaani 14 Machi 2025. Kwenye picha ya tochi ya ubavu, 1403 ilikaa juu ya chembechembe za kawaida, lakini 25 ilikaa kwenye kipande kilichometa, na ile 5 ilizama zaidi ya namba nyingine zote. Tukaomba picha ya kitako: mwaka 22, mshale kwenye 11. Tungekuwa na kitako peke yake ningesema labda kiwanda kilisahau kubadilisha tarakimu. Tungekuwa na mng'ao peke yake ningesema labda imegusa kitu cha moto. Vyote viwili pamoja, na vyote vinaelekea upande mmoja, ni betri ya zamani iliyokaa stoo na kupewa tarehe mpya. Hiyo ndiyo ingemuumiza zaidi, kwa sababu kwa macho ya kawaida ilikuwa mpya.

Ya tatu ilikuwa ya Iringa mjini, ghali kuliko zote. Tarehe 090125, namba zote kina kimoja. Kitako: 24, mshale kwenye 12. Vichwa vya kijivu, vidoti viwili vya kupimia juu. Lebo ilikuwa imeinama upande mmoja, na mama alitaka kuikataa kwa hiyo lebo. Nikamshauri achukue hiyo.

Ilikuwa na umri wa miezi sita, na betri ya asidi ya umri huo inahitaji kuchajiwa kabla ya kazi. Picha haiwezi kukuambia imebaki na chaji kiasi gani, hivyo muuzaji aliombwa aandike ile tarehe ya mfuniko kwenye risiti ya EFD, na apige picha ya mita ikiwa kwenye vichwa kabla ya kuipakia. Ilisoma 12.5. Iliyojaa vizuri na kutulia husoma 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12.4 ukiwa umeambiwa ni mpya, irudi ilikotoka. Muuzaji akikutumia kipimo, muulize pia imetoka kwenye chaja lini. Iliyochomolewa muda huohuo husoma juu kuliko hali yake halisi, na inatakiwa ilale usiku mmoja ndipo ipimwe.