Vocha 59 au 93? Utarajie kasoro 0% ama 1%

Hii story hurudi kila msimu wa odit hapa Nairobi. Unapima kontroli ya malipo, kwamba kila vocha imesainiwa na meneja kabla pesa kutoka, umesema unaweza kuvumilia kasoro 5% na unataka uhakika wa 95%. Sasa utarajie kasoro ngapi?

Ukitarajia 0% unavuta vocha 59, ukitarajia 1% jedwali la sampuli linakupeleka 93. Kwa muda 59 inashinda wazi, hizo 34 za ziada ni kama siku nzima ya kufukua mafaili, na karani wa malipo ameshachoka na sura yako.

Lakini 59 haina nafasi ya kuteleza. Ukipata vocha moja bila sahihi (na ile faili "imepotea" pia ni kasoro, usiibadilishe na nyingine), kiwango cha juu cha kasoro kinachowezekana kwenye vocha zote kinaruka hadi karibu 8%, umepita 5% na huwezi kuitegemea kontroli. Kwa 93, kasoro moja bado inakuacha ndani ya 5%, mbili ndo zinakuangusha. Na usianze na 59 halafu ukikwama uongeze 34 ukijifanya ndo ulikuwa mpango, hesabu haikubali hivyo.

Mimi huangalia mwaka jana. Kama mfumo wenyewe unazuia malipo bila idhini na hakukuwa na kasoro, 59 inatosha. Kama ni karatasi, na meneja husafiri sana, nenda 93. Ukitarajia 3% hivi, wacha kabisa, kapime malipo yenyewe.