Botoksi au fila: ipi ununue kwa tatizo lipi la uso

Wengi huingia kliniki wakiuliza bei ya "sindano ya uso" kana kwamba ni bidhaa moja. Ni mbili, na kazi zake hazifanani. Botoksi ni sumu ya botulinamu kwa kipimo kidogo mno. Huzuia neva isiupe msuli amri ya kukaza, na ngozi iliyo juu ya msuli huo huacha kukunjwa. Fila ni jeli, mara nyingi ya asidi ya hialuroni, inayowekwa chini ya ngozi ili kujaza mahali palipobonyea. Ukinunua moja kwa kazi ya nyingine, pesa itatoka na tatizo litabaki palepale.

Kabla ya kuuliza bei, simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha. Legeza uso wote, kisha kunja ndita, nyanyua nyusi, tabasamu. Mkunjo unaotokea uso ukicheza na kupotea ukitulia ni kazi ya botoksi. Mkunjo unaobaki hata uso ukitulia utapungua kwa botoksi, ila usitarajie ufutike kwa mara moja. Kivuli kinachotokana na shavu kupungua nyama ni kazi ya fila. Madoa, vinyweleo vilivyopanuka na ngozi ya shingo iliyolegea havibadilishwi na yoyote kati ya hizi mbili, hata muuzaji akisemaje.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 46. Ana ndita mbili za wima kati ya nyusi, mashavu yamebonyea, mifereji inashuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, na chini ya macho pana mifuko. Fedha zake hazitoshi kufanya yote. Mimi ningempangia hivi.

Ya kwanza: botoksi kwenye ndita. Hapa ndipo pesa hufanya kazi kwa uhakika zaidi. Kwa chapa ya Botox, kipimo kilichoidhinishwa kwa ndita ni yuniti 20, zikigawanywa katika sehemu tano, yuniti 4 kila sehemu. Dawa hufika ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, na daktari huuyeyusha kwa maji ya chumvi. Kichupa cha yuniti 100 kikiyeyushwa kwa mililita 2.5, kila sehemu ya kumi ya mililita hubeba yuniti 4. Akiongeza maji maradufu bila kukwambia na kukuchoma kiasi kilekile, umepata nusu ya dawa kwa bei nzima. Kwa hiyo usinunue kwa "eneo" wala kwa "sindano". Uliza ni yuniti ngapi, za chapa gani, na uombe kichupa kifunguliwe mbele yako. Chapa ni muhimu kwa sababu yuniti hazibadilishani: kwa ndita zilezile, kipimo cha Dysport ni yuniti 50. Anayejisifu kuwa anakupa yuniti nyingi huenda hakupi kitu cha ziada.

Matokeo huanza kuonekana baada ya siku tatu au nne na kukamilika kama wiki mbili hivi. Hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha msuli hurudi kazini. Dawa ikisambaa hadi kwenye msuli unaoinua kope, jicho moja huonekana zito. Hakuna dawa ya kuiondoa botoksi mwilini. Mtu husubiri wiki kadhaa hadi nguvu yake iishe. Mama wetu pia awe mwangalifu na paji la uso. Msuli wa paji ndio unaonyanyua nyusi, na mwenye kope nzito akiulegeza sana, nyusi zitamshukia machoni. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa unaodhoofisha misuli waache kabisa.

Ya pili: fila ya hialuroni kwenye mashavu. Mifereji ya pembeni mwa pua mara nyingi husababishwa na shavu lililopungua na kushuka, kwa hiyo daktari mzuri anaweza kuanza na shavu kabla ya kugusa mfereji wenyewe. Fila huuzwa kwa bomba, kwa kawaida mililita 1, nayo ni sehemu ya tano tu ya kijiko cha chai. Kwa uso wa mama huyu bomba moja kwa mashavu yote mawili halitaonekana sana. Ajiandae kwa mawili, au asubiri hadi pesa itimie. Mabadiliko huonekana palepale, ila uvimbe wa siku za mwanzo hudanganya, basi asihukumu kabla ya wiki mbili. Hudumu takriban mwaka mmoja, zaidi au pungufu kutegemea aina ya jeli na mahali ilipowekwa.

Ubora mkubwa wa jeli hii ni kwamba inaweza kuyeyushwa kwa dawa iitwayo hialuronidasi. Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza daktari: je, hialuronidasi ipo hapa kliniki leo? Kama haipo, ondoka. Fila ikiingia ndani ya mshipa wa damu, au ikiubana, ngozi hukosa damu na inaweza kufa. Dalili ni maumivu makali yasiyolingana na sindano, ngozi kupauka, kisha mabaka ya zambarau kama wavu. Kwenye ngozi nyeusi kupauka hakuonekani kirahisi, hivyo bonyeza pande zote mbili kwa kidole na ulinganishe: upande ambao rangi inachelewa kurudi ndio wenye shida. Usilale ukingoja kesho. Kuona kukififia, hata kwa jicho moja, ni dharura ya dakika hiyohiyo.

Ya tatu: fila ya midomo. Kazi yake ni ya wazi, lakini midomo hucheza mchana kutwa na jeli huisha mapema kuliko shavuni. Mwenye historia ya malengelenge ya mdomoni aseme mapema, kwani sindano inaweza kuyaamsha.

Ya nne: fila chini ya macho. Inafaa kwa shimo, haifai kwa mfuko. Jeli huvuta maji, na mama wetu mwenye mifuko anaweza kuamka na uvimbe mkubwa kuliko aliokuja nao. Weusi unaotokana na rangi ya ngozi nao hautaondoka.

Ya mwisho, ambayo nisingeinunua: fila puani na kati ya nyusi. Mishipa ya huko imeungana na ile inayolisha jicho, na ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza kwa visa vya upofu uliotokana na fila. Ndita zikibaki baada ya botoksi, ni heri zibaki. Katika kundi hilihili naweka silikoni ya maji na fila yoyote ya "kudumu milele". Hialuronidasi haiziyeyushi, na vinundu vinaweza kutokea miaka mingi baadaye, pengine vikahitaji upasuaji.

Kabla ya kulipa, tazama kama dawa imesajiliwa: Tanzania ni kwa TMDA, Kenya ni kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Hakikisha pia kwamba anayekuchoma ana leseni ya udaktari, si cheti cha saluni. Hifadhi kwenye simu yako picha ya lebo yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na uandike yuniti au mililita ulizowekewa na mahali zilipowekwa. Daktari mwingine akikupokea na tatizo, hayo ndiyo atakayoyauliza kwanza.