TAHADHARI: fundi simu aliyembadilishia bibi bodi ya simu, ukiwa na simu ya zamani soma hii

Jamani nimekaa siku nne naona aibu kuandika hii lakini acha niandike tu, maana mwingine atapigwa kama nilivyopigwa mimi.

Ile Nokia 1600 ya bibi mnaijua, ile kava limeshikwa na raba ya mtungi. Babu alikuwa gadi wa treni ya TAZARA, kila kituo anatuma meseji kwa herufi kubwa. NIMEFIKA MLIMBA. NIMEFIKA MAKAMBAKO MVUA KUBWA FUNGA MBUZI. Bibi hajafuta hata moja tangu babu afariki. Simu haipigi wala haipokei, kazi yake ni kuchajiwa jioni na kusomwa baada ya Isha.

Sasa ikaanza kuzima. Unachaji usiku kucha, ukiichomoa inakaa dakika mbili inakata. Bibi akasema tuiache hivyo hivyo, ataisoma ikiwa kwenye chaji. Ni mimi, mimi na kiherehere changu, nikamwambia bibi niachie, kesho napita Kariakoo.

Na msinicheke kwa nini nilimwamini. Yule kaka alikuwa na meza safi, taa, ile darubini ya kuangalia bodi, koti la bluu kama la maabara. Akatoa bisibisi ya nyota mwenyewe bila kutafuta. Kulikuwa na mama mmoja amekaa anasubiri simu yake, akaniambia huyu kijana ana mikono, mwachie (leo nina wasiwasi hata na yule mama). Nikamweleza kabisa, kaka humu kuna meseji za marehemu babu yangu, sitaki kitu kingine chochote kiguswe. Akaweka mkono kifuani, akasema dada mimi pia nililelewa na bibi. Hapo ndipo alipo­nimaliza! Akasema tatizo ni bodi, betri haina shida, lazima abaki nayo hadi kesho. Elfu thelathini na tano. Nikalipa yote palepale, nikapewa karisiti kadogo kasiko na hata jina la duka.

Kesho yake simu inawaka vizuri, kava lile lile, ule mkwaruzo wa pembeni upo, raba ipo. Nikaweka kwenye pochi bila kuifungua. Bibi kaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akabonyeza, akabonyeza tena. Kisha akaninyooshea, "Hebu nisomee wewe mjukuu wangu, macho yangu leo hayaoni." Macho yake hayakuwa na shida yoyote. Inboksi ilikuwa tupu.

Nilirudi pale nikiwa natetemeka, eti "zilijifuta zenyewe betri ilipoisha". UONGO. Binamu yangu anayetengeneza simu Morogoro kanielewesha, meseji zinakaa kwenye chipu ya bodi, simu hata ikae miaka bila chaji hazifutiki kwa sababu ya betri. Akaniambia toa betri, soma namba ya IMEI, ile inayotambulisha kila simu, kwenye karatasi iliyobandikwa pale chini, halafu washa ubonyeze *#06#. Ya kwenye karatasi inaishia 417. Ya kwenye kioo inaishia 902. Yaani kava la bibi, bodi ya mtu mwingine! Na shida yenyewe ilikuwa betri tu, BL-5C imevimba, ukiilaza mezani na kuisukuma inazunguka kama pia. Mpya ni elfu tano tu.

Mtu kama huyu anyang'anywe meza, awekwe ndani, akitoka asiguse hata tochi! Wajomba wanataka kwenda Jumamosi na mimi sitawazuia. Jina nimeambiwa nisiweke, ila wa Kariakoo mnaopita kule mnamjua, koti la bluu.

Kwa hiyo piga picha ile IMEI kabla hujamwachia mtu simu, na akikwambia lazima ilale kwake wakati hata betri nyingine hajajaribu, ondoka. Na laini toa. Hilo ndilo lililotuokoa kidogo, bibi aligoma laini iende kwa fundi, alikuwa ameitoa na kuifunga kwenye pindo la khanga. Tumeiweka kwenye simu nyingine ya batani, tukakuta meseji tisa zilihifadhiwa kwenye laini yenyewe. Tisa kati ya mia na kitu. Ya mbuzi haipo.

Ndiyo maana naomba hivi. Kama bodi hakuifuta, basi bado ina meseji zote na iko kwenye simu ya mtu. Ukinunua kasimu ka Nokia ka mtumba mwezi huu ukakuta humo NIMEFIKA MLIMBA kwa herufi kubwa, tafadhali usifute kitu. Niambie unataka shilingi ngapi, nakufuata popote ulipo.