Wasifu wa maneno 214 uliopunguzwa hadi 50: uzoefu wangu na mhariri wa kulipia

Mwaka jana nilikwenda kwenye mkutano mmoja wa wauguzi, nikatuma wasifu wangu wote kama ulivyo. Waandaaji walikuwa wamesema maneno hamsini, nami nikadhani wataupunguza wenyewe. Kweli waliupunguza: walihesabu maneno hamsini ya mwanzo, wakakata hapo hapo. Chini ya picha yangu palisomeka nilikozaliwa, shule niliyosoma, kisha sentensi ikaishia kwenye “Aidha ni mjumbe wa”. Wa nini, hakuna aliyejua. Nilikuwa nakwenda kuzungumzia kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na hakuna neno hata moja kwenye ratiba lililoonyesha kwamba nimewahi kushika mama anayejifungua. Iliniuma.

Safari hii niliamua kulipa. Mwenzangu wa kazini alinielekeza kwa dada mmoja mhariri wa kujitegemea. Bei yake ilikuwa shilingi 30,000 kwa wasifu mmoja, na marekebisho mara mbili. Nikamtumia maneno yangu 214 kwa WhatsApp, nikafikiri nitarudishiwa maneno hamsini basi.

Badala yake akapiga simu. Nilikuwa ndio kwanza natoka zamu ya usiku, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi na viatu bado vya kazini. “Dada, hiyo siku utazungumza nini hasa?” Nikamwambia: namna tunavyopima damu inayopotea kwa mfuko wenye alama za ujazo unaowekwa chini ya mama mara mtoto anapotoka, kwa sababu ukikadiria kwa macho karibu kila mara unakadiria pungufu, na mama anaweza kuvuka mililita 500 hujashtuka. “Na wanaokaa ukumbini ni akina nani?” Wauguzi na wakunga, madaktari wachache. “Sasa katika hayo uliyoandika, lipi mtu akikuuliza unaweza kulionyesha kwenye daftari au cheti?”

Swali hilo la tatu ndilo lililofanya kazi yote. Tulipitia wasifu wangu mstari kwa mstari, mimi nikijibu. Sentensi yangu moja ilikuwa hivi: “ni mtaalamu mbobezi wa afya ya uzazi mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka kumi na mwenye ari ya kuokoa maisha ya mama na mtoto”. Akanihesabia: maneno 24, karibu nusu ya nafasi niliyopewa, na ndani yake hakuna hata kitu kimoja ambacho mkunga mwingine yeyote asingeweza kujisemea. Nilitaka kubisha, nikakosa la kusema. Semina saba nilizohudhuria zikaondoka, mahali nilipozaliwa pakaondoka, ujumbe wa kamati mbili ukaondoka. Kamati moja niliililia kweli, maana niliitumikia kwa moyo, lakini haihusiani na damu.

Kilichonifundisha zaidi ni hesabu yake ya Kiswahili. Viunganishi vyetu vidogo, wa, ya, za, na, kwa, kila kimoja kinahesabiwa neno, na wasifu wa kiofisi umejaa hivyo tupu. “Katika mkoa wa Lindi” ni maneno manne. “Mkoani Lindi” ni mawili. “Kwa muda wa miaka tisa sasa” ni sita; “tangu 2016” ni mawili, tena hayachakai mwakani. “Mwenye usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania” ni tisa; “aliyesajiliwa” ni moja, na ukumbi wa wauguzi unajua umesajiliwa na nani. Kwa wasikilizaji wengine, alisema, asingethubutu kuliacha jina la baraza namna hiyo. Tarakimu nayo inabana: 64 ni neno moja, ukiiandika kwa maneno inakuwa matatu.

Rasimu ya kwanza ilinifikia siku ya nne, wakati aliahidi siku mbili. Ilikuwa nzuri kusoma, maneno hamsini kamili, ila nilikuta kosa lililonishtua. Iliandikwa kwamba nilianzisha utaratibu ule “na kuwafundisha wakunga 64 wa vituo tisa”. Sikuwafundisha peke yangu. Tulikuwa watatu, na wale wenzangu wawili walikuwa wanakuja kwenye mkutano uleule. Mimi kwenye maelezo marefu nilikuwa nimeandika “kwa kushirikiana na wenzangu”, yeye katika kubana akakikata kipande hicho. Hapo ndipo nadhani wasifu mfupi una hatari kuliko mrefu: ukikata neno linalosema mlikuwa wangapi, au linalosema bado unasoma, unabaki na uongo ambao hukuukusudia, na walioko ukumbini wanaujua.

Nikamwandikia. Hakujitetea, akakubali mara moja na kusema yafaa alipe yeye kwa kutafuta nafasi. Kuwarudisha wenzangu kulidai maneno matatu zaidi. Rasimu ilikuwa inasema “wodi ya wazazi na watoto wachanga”. Akaondoa “na watoto wachanga”, maana siku hiyo sikuwa nazungumzia watoto, na “wodi ya wazazi” bado ni kweli. Matatu kwa matatu. Hii ndiyo iliyochapishwa, jina langu nimelitoa hapa lakini ni maneno mawili:

“… ni mkunga aliyesajiliwa, msimamizi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya mkoani Lindi tangu 2016. Mwaka 2022 alianzisha hapo utaratibu wa kupima damu inayopotea baada ya kujifungua kwa mfuko wenye alama za ujazo. Yeye na wenzake wameufundisha kwa wakunga 64 wa vituo tisa. Ana Shahada ya Ukunga.”

Hata hapo viunganishi vidogo vimebaki 11, havikukwepeka. Neno “hapo” nilitaka litoke, akakataa kabisa: bila hilo, alisema, msomaji ataelewa kwamba nilianzisha mimi nchi nzima. Shahada aliiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa kinachompa mtu sababu ya kuja kunisikiliza ni wodi na mfuko.

Nampa nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa kuchelewa na kwa lile kosa, ambalo kama nisingesoma kwa makini lingechapishwa. Jueni pia kwamba tafsiri ya Kiingereza ni malipo mengine, shilingi 15,000, na hazikupotea bure: maneno yetu hamsini yakitafsiriwa kama yalivyo yanapita 60, kwa sababu “wameufundisha” ya kwetu ni neno moja na kwao ni manne, kwa hiyo ilibidi akate upya. Ukimpa kazi, mpe na mada ya mazungumzo yako kabla hajaanza, na usimlipe sehemu ya mwisho hadi umesoma kila kitenzi ukijiuliza kama ni wewe uliyefanya.

Siku ya mkutano mwendesha kikao aliusoma wote kwa sauti, haukufika nusu dakika. Nilipomaliza kuzungumza, mama mmoja kutoka Mtwara alisimama, karatasi ya ratiba mkononi, akauliza: “Hivyo vituo tisa, vingapi ni zahanati?” Nikamjibu ni sita, nikamwita mwenzangu aliyekuwa safu ya pili, kwa sababu zahanati alizifundisha yeye.