Oto au manyuali kwa dereva mpya? Mie nimeendesha zote hapa Malindi

Mie nilianza na manyuali kwa sababu kila mtu aliniambia ni rahisi kutengeneza. Probox ya 2008 gia tano, nimekaa nayo miezi kumi, sasa nina mwaka na zaidi na Probox ya oto. Kwa hivo nasema niliyoyaona.

Hapa mjini manyuali haikunisumbua sana, ukishazoea tuktuk zinavyokukatia mbele basi. Shida ilikuwa Mtwapa. Nilikuwa nateremka Mombasa kila wiki kuchukua mzigo wa duka na ile jam mnasogea hatua mbili mnasimama, hatua mbili mnasimama, na mie mgeni wa gari nilikuwa naishikilia kwa nusu klachi badala ya kuweka fri na kuvuta hendibreki. Mguu haukutoka kwa klachi kabisa. Goti linauma, hilo dogo, kumbe pleti ndiyo inasagika. Siku moja nikasikia harufu ya kuungua nikadhani ni lori la mbele.

Wiki ya pili nikirudi, nimefika Gede, nakanyaga mafuta injini inalia tu lakini gari haikimbii. Fundi wangu wa Majengo akaiendesha polepole, akatia gia ya nne akakanyaga, mshale wa raundi ukaruka juu na spidi ikabaki palepale. Akaniambia klachi imekwisha hiyo, inateleza. Aliposhusha giaboksi pleti ilikuwa imelika mpaka kwa ribiti. Nilinunua seti, pleti na presha pleti na bering, 9,500, ufundi 4,000, siku moja gari ikatoka. Kweli si pesa nyingi ukilinganisha, kwa sababu giaboksi ya oto ya Japani iliyotumika niliambiwa 45,000 bila ufundi. Lakini ile klachi niliiua mwenyewe kwa miezi minane, na dereva mpya anayepita jam kila wiki ataiua tena kama mguu haujajifunza.

Sasa mbona sikubaki na manyuali? Nilitaka ya miaka ya karibuni nikakosa. Probox za manyuali zilitengenezwa mpaka 2014, ilipobadilishwa sura ile manyuali wakaiacha na oto ya zamani ya gia nne pia, zote zikawa CVT, yaani oto ya mkanda badala ya gia. Na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Kwa hivo Probox yoyote inayoshuka bandarini sasa ni CVT, manyuali utaipata kwa mtu wa hapahapa na nyingi zimebeba abiria na magunia barabara za vumbi miaka na miaka. Unanunua giaboksi rahisi kutengeneza lakini bodi, shoki na injini vyote vimechoka, na hizo ndizo zilizonimalizia pesa kushinda klachi.

Oto kwa jam ni raha, sitadanganya. Unaachia breki inasogea yenyewe, macho yako kwa bodaboda si kwa gia. Ila usinunue kwa kuiangalia rangi. Nenda asubuhi kabla haijawashwa, umwambie mwenyewe asiipashe moto, kwa sababu giaboksi mbovu nyingine huficha ugonjwa ikiwa na joto na nyingine huonyesha ikishapata moto, kwa hivo uione hali zote mbili. Kanyaga breki, tia R, kisha D. Ishike ndani ya kama sekunde moja bila kugonga. Halafu iendeshe nusu saa, ukiona inatetemeka ikiondoka ama raundi zinapanda na spidi haifuati, achana nayo hata kama bei ni tamu.

Kisha mafuta yake, hapa nisikizeni sana. Gereji moja walitaka kunitilia yale mekundu ya oto za kawaida. Nikakataa. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaozunguka puli mbili zinazoubana, unashika kwa msuguano, na mafuta yake yametengenezwa kwa huo msuguano. Ukitia mengine mkanda unateleza unazikwaruza puli, na hapo mafundi wengi huku hawaifungui, utaambiwa ununue giaboksi nzima. Nunua yaliyoandikwa CVT na yanayolingana na kitabu cha gari, mie nilibadilisha mara tu niliponunua kwa sababu sikujua aliyekuwa nayo alitia nini.

Anayekaa ndani huko Marafa na kubeba mzigo, na Mtwapa haijui, mie bado ningempa manyuali, hata betri ikifa anasukumwa anawaka, oto haisukumwi. Binti ya ami yangu amepata leseni mwezi uliopita na kazi yake ni Mombasa. Jumamosi tunaenda kuangalia Vitz ya oto huko Shela, nimeshampigia mwenyewe asiiwashe mpaka tufike.