TAHADHARI: Yadi ya mashine za zege inayomeza dhamana za wateja, Dar es Salaam

Ndugu zangu mnaojenga, someni hili kabla hamjakodi mixa na vibreta. Jina la yadi silitaji kwa sababu nimeshafungua madai Mahakama ya Mwanzo, lakini mchezo wao ni huu.

Nilikodi mixa kwa 70,000 kwa siku na vibreta kwa 40,000, kwa ajili ya zege la slabu. Nililipa siku mbili, 220,000, na dhamana ya 400,000. Jumamosi saa kumi na moja jioni mashine zikawa getini kwao. Mlinzi akazipokea, akasema mtu wa stoo ameondoka, nirudi Jumatatu.

Jumatatu nikakabidhiwa ankara: siku mbili za ziada 220,000, na poka mpya 350,000. Jumla 570,000. Dhamana yote imekwenda na bado nadaiwa 170,000!

Siku za ziada zilifutwa nilipotaka daftari la geti lifunguliwe, maana namba ya gari na saa ya kuingia vilikuwa vimeandikwa humo. Kwenye poka waligoma. Poka ni ule mpira mrefu wa vibreta wenye kichwa cha chuma unaozamishwa kwenye zege. Ndani yake kuna waya unaozunguka, na ukikosa grisi au mpira ukikunjwa sana, waya unakatika: injini inaunguruma lakini kichwa hakitetemeki. Yetu ilitetemeka hadi karai la mwisho. Waliponionyesha waya uliokatika, ncha zake zilikuwa na kutu. Waya uliokatika juzi huwa unang'aa pale ulipokatikia.

Nikawaambia sawa, kama nimelipia mpya, nipeni hiyo mbovu niondoke nayo. Wakakataa katakata. Hapo ndipo nilipoelewa: poka ile ile mbovu ndiyo wanayoitoa stoo kila mteja anaporudisha mashine. Fundi mmoja wa Mbagala ana ankara yao yenye kiasi hicho hicho, na mpira aliopigia picha una utepe mwekundu pale pale kama niliouona mimi. Nilirudishiwa 50,000 tu.

Ukikodi popote, washa vibreta mbele yao wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha, na urekodi video kichwa kikitetemeka, namba ya mashine ikionekana. Usikubali kurudisha wakati mpokeaji hayupo bila karatasi yenye saa na saini. Na kabla hujatoa dhamana, iandikwe kwamba kitu kikiharibika unalipa gharama ya kukitengeneza, si bei ya kipya, na kilichobadilishwa unapewa wewe. Wenzangu, hili la mwisho ndilo wanaloliogopa.

Mwenye ankara ya poka ya 350,000 kutoka yadi ya Dar, asiitupe. Anitafute tulinganishe picha za huo mpira kabla shauri halijasikilizwa.